Namna ya Kulizika Neno kwa Madoido: Mwongozo wa Fundi wa Mabango

Mwongozo huu ni wa fundi wa mabango aliyechoka kusomwa. Umeandika mabango miaka yote hii, watu wakapita, wakasoma, wakaingia dukani, wakanunua, wakaenda zao bila hata mmoja kuuliza ni mkono wa nani ulioandika. Hiyo ni dharau, na dawa yake ni madoido. Mkia mrefu hapa, pete pale, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka mpita njia asimame, akodoe macho na kuuliza: "Hivi hapa pameandikwa nini?" Akiuliza hivyo, umeshinda.

Tutalifuata bango moja tu, tangu karatasi hadi ukutani. Tuseme mama mmoja wa Milepa, huku bondeni chini ya Lyamba lya Mfipa, ana duka la mchele kando ya barabara ya malori yanayoshuka kutoka Sumbawanga kufuata mpunga. Ana bati la sentimita 120 kwa 60, na anataka maneno matatu: "Mchele wa" mstari wa juu, "Milepa" mstari wa chini kwa herufi kubwa zaidi. Hana mengine.

Kwenye kila hatua nitaeleza pia jinsi anavyofanya fundi mwoga. Huyu ni fundi anayeishi kwa hofu kwamba neno lisiposomeka, mteja hatalipa. Namtaja ili tumcheke.

Hatua ya kwanza: anza na madoido, neno litajitafutia pa kukaa

Fundi jasiri hapimi. Brashi ikishalowa, anachora mzunguko mkubwa kona ya juu kushoto, mwingine kona ya chini kulia, anaongeza tawi na majani mawili, ndipo anakumbuka kwamba kuna maneno. Yanasukumwa katikati, kwenye nafasi iliyosalia. Herufi zikibanana, ni shida ya herufi. Neno likikosa mahali pa kumalizikia, herufi ya mwisho inapandishwa juu kidogo kwa ukubwa nusu, na kila mtu anaelewa kwamba hapo fundi alizidiwa na kipaji.

Fundi mwoga anaanza na neno tupu. Anakata karatasi ya kaki kwa ukubwa wa bati, anachukua penseli na rula, anapiga mistari. Kutoka ukingo wa juu anaacha sentimita 6, kisha anaandika "Mchele wa" kwa herufi kubwa yenye kimo cha sentimita 9. Anaacha sentimita 9 tupu. Chini yake anaandika "Milepa", M ikiwa na kimo cha sentimita 18 na herufi fupi kama e na a zikiwa na 11. Herufi p anaiachia sentimita 8 za kushusha mguu chini ya mstari, na kuanzia hapo hadi ukingo wa chini zinabaki 10. Jumla ni 60 kamili. Nguzo za herufi, yaani ile mistari minene ya wima, anazipa unene wa sentimita 2.5. Kwa vipimo hivyo neno "Milepa" linachukua kama sentimita 70 kwa upana, na kila upande zinabaki 25.

Sasa ndipo woga wake unapoonekana. Anasimama mbali na karatasi, analitazama neno likiwa halina hata mkia mmoja. Kama i na l zimebanana huku p na a zimeachana, anafuta na kupanga upya. Fundi jasiri angepeleka mkunjo kufunika ufa huo. Mwoga anaamini kwamba madoido hayatibu neno lililopangwa vibaya, na kwamba huwezi kujua wapi pana nafasi ya mkia kabla neno lenyewe halijakaa na kuonyesha matundu yake. Zile 25 za kila upande, zile 9 za kati na zile za chini ya mstari ndizo shamba lake, na halimi nje ya hapo.

Hatua ya pili: mpe kila herufi mkia, isije ikanuna

Neno "Milepa" ni zawadi kwa fundi jasiri. Lina milango minne ya kutokea mkia: mwanzo wa M, kichwa cha l, mguu wa p na mwisho wa a. Mingapi utatumia? Yote minne, bila shaka. Mkia wa M urushe kulia juu ya neno, ukagonge kichwa cha l. Kichwa cha l kikunje kushoto, kikameze nukta ya i. Mguu wa p uvute kushoto mpaka chini ya M. Mwisho wa a uuzungushe juu, urudi kinyumenyume hadi ulikotoka. Mama wa mchele atapata bango ambalo halina mahali jicho linaweza kupumzika, na ni hivyo tulivyotaka.

Fundi mwoga anachagua milango miwili tu, na anaichagua kwa mshazari. Anachukua mwanzo wa M, ulio juu kushoto, na mguu wa p, ulio chini upande wa kulia. Mkia wa M unatoka begani mwa herufi na kwenda kushoto sentimita 12, bila kuvuka kimo cha M. Mguu wa p unashuka, unapinda kulia, unapita chini ya a na kutokeza nje ya neno sentimita 12 vilevile. Sasa mmoja uko juu kushoto, mwingine chini kulia, na neno limebaki katikati ya bati likiwa na sentimita 13 tupu kila upande. Herufi l na a anaziacha zilivyo. Mikia yote miwili ingekuwa juu, au yote kushoto, bango lingeonekana limelemea upande hata kama limepigiliwa kwa pimamaji.

Akiwa na nafasi ya mkia mmoja tu, tuseme wa M, mwoga hulisogeza neno kulia kidogo, sentimita 3 au 4. Hasogezi 6, ambazo ni nusu ya mkia, kwa kuwa mkia mwembamba hauna uzito wa herufi nene. Jicho hulipima bango kwa wingi wa rangi. Rula inakuja baadaye.

Maneno mengine ya nyumbani yana milango yao. "Sumbawanga" ina S mwanzoni, b moja inayochomoza juu katikati na g moja inayoshuka karibu na mwisho: mwoga anaipamba S juu na g chini, b anaipita bila kuigusa. "Rukwa" haina hata herufi moja inayoshuka chini ya mstari, kwa hiyo mguu wa R ndio unaotupwa kulia, ukapita chini ya u, k na w kwa umbali salama na kukoma kabla ya a kwisha. "Ufipa" ndiyo mtego. Ukiiandika f kwa mtindo wa kushusha mguu, itakuwa na mguu chini, p nayo ina mguu chini, na katikati yao kuna i moja tu nyembamba. Miguu miwili haitoshi kwenye tundu moja. Mwoga anaisimamisha f juu ya mstari na kuipa p nafasi yote. Fundi jasiri anaifunga miguu yote miwili fundo.

Kuna jambo jingine ambalo jasiri hapaswi kulijua. Vitabu vya mifano kutoka Ulaya na Marekani vimejaa mikia mirefu inayoanzia kwenye y, g na d za mwisho wa neno, kwa sababu lugha zao zina maneno mengi yanayoishia hivyo. Maneno yetu karibu yote yanaishia a, e, i, o au u, herufi fupi zisizopanda wala kushuka. Ukinakili mkia wa y kutoka kitabuni na kuubandika kwenye a ya "Milepa", utakuwa umeufunga mahali ambapo herufi haina mguu. Ukilazimika kutumia herufi ya mwisho, a ndiyo inayokubali, kwa kuwa mwendo wake wa kumalizia unakwenda kulia wenyewe. Uvute pale pale ulalo, sentimita chache, uishie hapo.

Ukitaka kumwona mwoga mkuu kuliko wote, tazama friji ya soda dukani. Mwaka 1886, mjini Atlanta, Frank Robinson, mtunza hesabu wa mfamasia John Pemberton, alipendekeza jina Coca-Cola, na ndiye aliyeliandika kwa hati ya mlazo iliyokuwa ikifundishwa Marekani wakati ule. C ya kwanza inapitisha mkia chini ya "oca". C ya pili inapeleka kichwa chake kulia, kikapenya ndani ya pete ya l. Mmoja chini kushoto, mwingine juu kulia, basi. Mwaka 1890 kampuni ilipata ujasiri, ikaongeza mikunjo na vitone vya kuning'inia kwenye hizo C. Jambo hilo lilidumu kama mwaka mmoja, wakarudi kwenye woga wao, na wako humo hadi leo.

Hatua ya tatu: nafasi tupu ni hasara, ijaze

Mama wa mchele amelipia bati zima. Kumwachia sehemu nyeupe ni kumwibia. Kwa hiyo palipo na tundu, tia mkunjo; mkunjo ukiacha tundu dogo, tia nukta; nukta zikiachana, ziunganishe.

Fundi mwoga ana kipimo cha kuogofya. Anatazama tundu la ndani ya herufi a, ambalo kwenye bango letu ni kama sentimita 6 kwa upana, na anasema kwamba hakuna mkia utakaoikaribia herufi yoyote kuliko umbali huo. Sababu yake ni kwamba jicho limeshazoea nafasi ya ndani ya a na kuihesabu kuwa sehemu ya herufi. Mkia ukipita karibu zaidi ya hapo, nao huhesabiwa kuwa sehemu ya herufi, na msomaji anaanza kujiuliza ni herufi gani hiyo. Ndiyo maana aliiachia p sentimita 8 za kushuka: 6 ni za hewa kati ya mstari wa neno na mkia unaopita chini ya a, na zilizobaki ni za mkia wenyewe. Kwa kipimo hichohicho anakataa kukikunja kichwa cha l kuelekea kushoto, kwa kuwa nukta ya i iko hapo hapo, kwa umbali usiofika hata nusu ya hizo 6.

Wanaomfundisha woga huu hawako mbali. Fungua kanga uitazame. Pindo limezunguka pande zote nne na mapambo yake, mji umejaa maua au korosho, na jina limepewa mahali pake pa peke yake, herufi kubwa zimesimama wima bila mkia wala pete. Pambo lote liko nje, wala haligusi maneno. Walioipanga hivyo walijua wanachouza. Ujumbe wa kumsuta jirani ukipambwa mpaka usisomeke, jirani atakusalimia kwa furaha na kukuuliza umeinunua wapi, na fedha ya kanga imekwenda bure.

Hatua ya nne: mkia uwe mnene kuliko neno

Ukitaka madoido yaonekane, yape unene wa nguzo za herufi au zaidi. Sentimita 2.5 kwa neno, 3 kwa mkia. Hapo lori linaposhuka, dereva ataona kwanza nyoka wanne wekundu, na akishawapita ndipo atakapohisi kwamba huenda palikuwa na maandishi.

Mwoga anaupunguza mkia jinsi unavyokwenda. Mguu wa p unaondoka na unene wa 2.5 kwa sababu ni nguzo, ukianza kupinda unashuka hadi 1.5, na ukitokeza nje ya neno umebaki nusu sentimita. Ana hesabu yake ya barabarani. Kipimo cha kawaida cha mabango ni sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali ili mtu asome kwa raha. M yetu ya sentimita 18 inasomeka vizuri kutoka mita 20 na ushee. Kwa umbali huo mstari wa nusu sentimita unafifia. Kwa hiyo anayekuja na boda anaona kwanza "Milepa", neno kavu lililonyooka, na akisogea ndipo mikia inapojitokeza kama nyongeza. Unene ukilingana, vyote vinafika kwenye jicho kwa wakati mmoja na vinagombania mlango.

Wembamba huo pia ndio unaomwokoa mistari inapokutana. Kanuni yake ni kwamba mstari mwembamba unaweza kukatiza mnene, na mwembamba unaweza kukatiza mwembamba, lakini mnene haukatizi mnene hata siku moja, kwa sababu mahali inapokutana panatokea doa jeusi linaloonekana kabla ya neno. Na inapokatizana, ikatizane kwa pembe iliyo karibu na mraba. Mistari inayokutana kwa mlazo mkali inaacha kati yake kona nyembamba ambayo rangi ya mafuta huijaza yenyewe ikiwa bado mbichi, na kesho yake unakuta donge. Fundi jasiri huliita donge hilo ua.

Hatua ya tano: igeuze herufi kuwa nyingine

Hapa ndipo usanii hasa ulipo, na "Milepa" inatupa njia nyingi. Pitisha mkia wa M kwenye shingo ya l, na l imekuwa t: mama anauza mchele wa Mitepa. Kunja mguu wa l kulia mpaka ujifunge, na l imekuwa b: Mibepa. Vuta mgongo wa a kwenda juu na unayo d, vuta uleule kwenda chini na unayo g. Nukta ya i imeze kwenye mkunjo, na anayesoma haraka anaihesabu i pamoja na l inayoifuata, anapata u. Kwa brashi moja umemsambazia mama tawi katika vijiji vitano ambavyo havipo.

Fundi mwoga anajua kwamba kila herufi ina sehemu moja au mbili zinazoitambulisha, na hizo hazigusi. Utambulisho wa l ni nguzo yake kuwa peke yake, bila kitu cha kuikata wala cha kujifunga mguuni. Wa a ni mgongo wake kukoma sawasawa na tumbo, juu na chini. Wa i ni nukta. Anapamba mahali ambapo herufi inaanza au inaisha, na katikati ya herufi anapaacha. Ni kweli ile C ya soda inapenya kwenye l na haisomeki t, lakini ile l ina pete iliyo wazi inayoupokea mkia ndani yake, na jina lenyewe dunia nzima imeshalikariri. Duka la mama bado halijakaririwa na dunia nzima.

Hatua ya sita: chora polepole, kwa ncha za vidole

Shika brashi karibu na manyoya, egemeza kiganja kwenye bati na uusukume mkia milimita kwa milimita. Utapata mstari wenye mtetemo wa kupendeza, kana kwamba ulichorwa ndani ya lori lenyewe, na kiganja kitakupakia rangi mbichi kwenye M bila malipo ya ziada.

Mwoga anaanza na umbo. Mikia yake yote ni vipande vya yai lililolazwa. Hatumii duara kamili wala kona ya ghafla, kwa sababu mkono wa binadamu ukizunguka kwa uhuru huchora yai, na jicho hutambua mara moja mahali ulipolazimishwa kufanya kingine. Kwenye karatasi ya kaki anachora yai zima kwa penseli, kisha anachagua kipande anachokihitaji na kufuta kilichobaki. Mkia wa M na mkia wa p anaikata kwenye mayai ya ukubwa mmoja, ndiyo maana inaonekana ndugu hata ikiwa kona mbili tofauti.

Karatasi ikikubali, anapaka chaki upande wa nyuma, anaibandika kwenye bati lililokwisha kupigwa msasa na kupakwa rangi ya chini ikakauka, na anapita juu ya mistari kwa penseli ngumu. Chaki inaacha alama hafifu. Anazipaka rangi herufi zote kwanza, anaziacha zishike, mikia anaimalizia mwisho. Kwa mkia, rangi anaizimua kidogo ili iteleze, anauegemeza mkono juu ya fimbo iliyowekwa mshazari kwenye bati, na anauvuta mkia kwa bega, kwa mwendo mmoja, macho yakiwa mahali mkia unapokwenda kuishia. Akianza anakandamiza, akielekea mwisho analegeza, na wembamba unakuja wenyewe. Mkono ukitetemeka hajaribu kuurekebisha mkia kwa kupita juu yake. Anafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa wakati rangi ingali mbichi na kuvuta upya. Kila safari ya pili ya brashi juu ya mkia uleule inaongeza unene, na baada ya safari tatu mwoga anakuwa jasiri bila kutaka.

Hatua ya saba: usimwonyeshe mtu kabla halijapigiliwa

Bango likikauka, lipeleke usiku. Ukimwonyesha mtu mapema atasema neno litakalokuvunja moyo.

Mwoga anafanya majaribio manne, yote ya bure. Analigeuza bango kichwa chini ili asiweze kusoma, na kulitazama kama rangi tupu: upande uliolemea unajitokeza mara moja. Anarudi nyuma mita 20 na kufinya macho: kitu cha kwanza kubaki kikionekana kiwe neno. Anafunika mkia mmoja kwa kipande cha karatasi, kisha wa pili, kisha yote miwili. Kama bango halipungukiwi na chochote mkia ukifunikwa, mkia huo haukuwa na kazi. Mwisho anamwita mtoto wa darasa la tatu, amwambie asome kwa sauti. Mtu mzima wa Milepa atasoma "Milepa" hata ukichora vumbi, kwa kuwa anajua yuko wapi. Mtoto anasoma kilichoandikwa.

Kisha anakuja mwenye mali, na hapa hata mwoga hutikisika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Mbona limekaa kavu hivi? Mwenzangu wa ng'ambo ya barabara lake lina maua mpaka kwenye nukta."

"La mwenzako linauza nini, mama?"

"Linauza... subiri kidogo." Mama anageuka, anaweka mkono juu ya macho kuzuia jua. "Si vocha? Au dawa za mifugo?"

"Basi tuliache hili kavu, mama."

"Liache. Lakini nipunguzie, maana rangi uliyotumia ni kidogo."

Hapo ndipo utaona faida ya kuwa jasiri: rangi nyingi ina hoja ya bei. Mwoga hana hoja ila ile nafasi tupu aliyoipima, na nafasi tupu ni ngumu kuiandikia risiti.

Kwa hiyo chagua njia yako. Ukitaka fundi ajulikane na duka lisijulikane, hatua zote saba zinakungoja. Ukitaka mchele wa mama uuzike, andika neno kwanza, toa mikia miwili kwa mshazari, iweke mbali na herufi kwa upana wa tundu la a, na ipunguze unene kadiri inavyokwenda. Ukifuta mkia mmoja na bango likapendeza zaidi, usiurudishe. Ukifuta na wa pili likapendeza zaidi bado, usiurudishe huo pia, na bei usipunguze hata senti moja.